Telefone mpya, mesaji za zamani: namna ya kurudisha mazungumzo ya WhatsApp

Telefone ikiibiwa au ikianguka ndani ya maji, jambo la kwanza ambalo kila mtu anafikiria ni bei ya kununua ingine. Lakini siku mbili tatu baadaye, maumivu ya kweli yanaanza mahali pengine. Foto za mtoto aliyezaliwa mwaka jana ziko wapi? Odio ya mwisho ya bibi aliyefariki iko wapi? Na zaidi ya yote kwa sisi wamama wa likelemba na wa AVEC: ushahidi wa nani alilipa na nani bado, ambao ulikuwa ndani ya grupu, uko wapi?

Habari njema ni kwamba mara nyingi mesaji hizo zinaweza kurudi. Habari ingine ni kwamba kuna dakika moja tu ambapo telefone mpya inakuuliza kama unataka zirudi, na wengi wanaipita bila kujua. Leo tutafuata jambo hili hatua kwa hatua, kwa telefone za Android, kwa sababu ndizo ziko mikononi mwa wengi wetu.

MESAJI ZAKO ZINAKAA WAPI

Watu wengi wanadhani kama WhatsApp inachunga mesaji zetu zote mahali fulani Ulaya au Amerika, na kwamba mtu akiandika nambari yake katika telefone mpya, zote zitajileta zenyewe. Si hivyo. Mesaji ikifika kwenye telefone yako, WhatsApp haiichungi tena kwake. Inabaki ndani ya telefone yako na ya yule aliyeituma. Ile ambayo haijafika bado, kwa sababu telefone imezimwa au haina mega, ndiyo tu inangojea huko, na inangojea siku 30.

Kwa hiyo, kinachoweza kurudisha mazungumzo ni akiba. Kwenye ekrani utaona neno Sauvegarde. Akiba ziko za aina mbili.

Ya kwanza inafanyika ndani ya telefone yenyewe, kila usiku saa nane, yaani 2:00 kwenye saa ya telefone. Hauombwi kitu, inajifanya. Lakini kwa kuwa inakaa ndani ya telefone ile ile, mwizi akiibeba telefone ameibeba na akiba. Aina hii inasaidia tu kama telefone ya zamani iko bado mkononi na inawaka.

Ya pili inapelekwa kwenye konti yako ya Google, ile adresi inayoishia kwa gmail.com. Hiyo haimo ndani ya telefone, kwa hiyo mwizi haiondoki nayo. Ndiyo inayotuokoa. Inafungwa na vitu viwili: nambari ya telefone uliyotumia, na konti ya Google uliyochagua. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, mlango haufunguki.

KABLA YA KUGUSA WHATSAPP

Mama akipata telefone mpya, mkono unakimbilia WhatsApp. Ngoja kwanza. Mpango mzuri ni huu: nambari kwanza, konti ya Google ya pili, WhatsApp ya mwisho.

Nambari kwanza. Nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu yako pamoja na kitambulisho chako, kwa mfano karte ya mpiga kura, uombe kadi mpya ya sim yenye nambari ile ile. Usikubali nambari mpya kwa sababu tu ni ya haraka. Akiba ya nambari ya zamani haitafunguka kwa nambari mpya. Sim ya zamani itakufa papo hapo, na hiyo pia ni faida, kwa sababu mwizi hatapokea tena SMS zako.

Konti ya Google ya pili. Ndani ya telefone mpya, ingiza konti ile ile iliyokuwa ndani ya telefone ya zamani. Hapa ndipo wamama wengi wanakwama, na sababu yake inajulikana. Siku telefone ya kwanza iliponunuliwa, kijana wa duka au mtoto wa jirani ndiye aliyefungua konti. Aliandika jina alilotaka na neno la siri alilotaka, na mwenye telefone hakuliona tena. Sasa telefone mpya inauliza konti, kijana mwingine anafungua konti mpya kwa dakika tano, na WhatsApp inasema haikuona akiba yoyote. Akiba haijapotea. Iko kwenye konti ya zamani, nawe umegonga nyumba ya jirani.

Kama haukumbuki adresi, kwenye ukurasa wa kuingia wa Google gusa maneno Adresse e-mail oubliée ?, uandike nambari yako ya telefone, kisha jina kama lilivyoandikwa siku ile. Ikiwa nambari ilikuwa imeunganishwa na konti, Google itatuma kode kwa SMS na kukuonyesha adresi. Ndiyo maana tumesema sim iwe ya kwanza: bila nambari, kode hiyo haikufikii. Kama ni neno la siri tu limesahauliwa, pitia hapa:

```
accounts.google.com/signin/recovery
```

Ukiisha kuingia, unaweza kuhakikisha kabla ya kuendelea. Fungua Google Drive ndani ya telefone, gusa mistari mitatu, kisha Sauvegardes. Kama akiba ya WhatsApp iko, utaiona pamoja na siku iliyofanywa. Hautaweza kuifungua na kuisoma hapo, lakini utajua kama uko kwenye konti ya kweli. Kama haipo, na unajua una konti mbili au tatu, ingiza na zile zingine, uangalie moja baada ya ingine. Dakika kumi za kuangalia hapa zinakuepusha na hasara kubwa hatua inayofuata.

EKRANI INAYOULIZA MARA MOJA

Sasa weka WhatsApp. Chagua Congo, +243, kisha andika nambari yako bila ile 0 ya mbele. Kode ya tarakimu 6 itakuja kwa SMS. Kode hiyo ni ya kuingiza ndani ya telefone yako tu. Mtu yeyote anayekupigia na kuiomba, hata akijiita agenti, hata akitumia jina la rafiki yako, anataka kuchukua konti yako.

Baada ya kode, WhatsApp itaomba ruhusa ya kuona majina na foto. Kubali. Ukikataa, haitaweza kutafuta akiba. Kisha itatafuta kidogo, na kama imeiona, itaonyesha ekrani yenye siku ya akiba, ukubwa wake, na maneno mawili ya kugusa. Moja ni Restaurer, yaani rudisha. Lingine ni la kuruka, mara nyingi Ignorer.

Wamama, hapa tusimame. Ekrani hii inakuja wakati wa kuingia tu. Hakuna mahali ndani ya WhatsApp pa kwenda kesho na kusema: sasa nimepata mega, nirudishie. Ukigusa kuruka, unaingia kwenye WhatsApp iliyo tupu. Grupu zako utaziona, kwa sababu wewe ni bado memba, lakini ndani yake hakuna mesaji hata moja ya zamani.

Na hatari kubwa iko nyuma ya hapo. Kila akiba mpya inayopelekwa Google inafuta ile ya zamani ya nambari hiyo. Mtu akiruka leo, akaendelea kuandika, usiku telefone inaweza kutengeneza akiba ya ile WhatsApp tupu na kuiweka mahali pa ile iliyojaa miaka mitatu ya mazungumzo. Baada ya hapo, hakuna njia ya kuomba ile ya kwanza.

Kama umeruka kwa bahati mbaya, dawa iko, lakini ni ya siku ile ile, kabla ya usiku. Ingia kwenye Paramètres, Discussions, Sauvegarde des discussions, na usimamishe akiba ya Google. Usiguse kabisa neno Sauvegarder. Kisha ondoa WhatsApp ndani ya telefone, uiweke tena, uingize nambari na kode, na safari hii ungoje ile ekrani uguse Restaurer. Mesaji chache ulizopata kati ya hapo zitapotea, lakini za zamani zitarudi.

MFANO WA MWEKAHAZINA

Ili tuone vizuri, tuchukue mfano wa mama mwekahazina wa kikundi cha akiba na mkopo hapa Lubumbashi. Kikundi kina wamama 20 na kinakutana kila Ijumaa. Wanaokuja wanalipa mkononi. Wasiokuja wanatuma feza kwa telefone na kuweka foto ya uhakikisho ndani ya grupu ya WhatsApp. Mwekahazina anajaza daftari siku ya Jumatatu akifuata foto hizo.

Jumamosi saa sita ya mchana, ndani ya teksi ya basi, telefone inaibiwa. Daftari halijajazwa. Jumatatu anapata sim mpya na telefone ya bei ndogo, anaingiza konti yake ya Google, kisha WhatsApp. Ekrani inamwonyesha akiba ya Ijumaa, saa 2:00, yenye 400 Mo.

Kwanza asome siku na saa. Akiba ya Ijumaa saa nane ya usiku inabeba yote hadi Alhamisi usiku. Mkutano wa Ijumaa haumo. Foto za Ijumaa jioni hazimo. Hilo si kosa la kurudisha, ni mpaka wa akiba yenyewe. Hata hivyo anagusa Restaurer, kwa sababu ndani yake kuna mwaka mzima wa kikundi.

Kazi inaenda kwa sehemu mbili. Mesaji za kuandika zinarudi kwanza. Hizo ni nyepesi, na zikiisha WhatsApp inafunguka na anaweza kusoma. Foto, video na odio zinafuata polepole nyuma. Kwa hiyo akiona foto zenye ukungu, asishtuke na asifute kitu. Zinaendelea kuja.

400 Mo hizo zinalipwa kwa mega zake. Kama ana 150 Mo tu za siku, zitaisha katikati. Ni afadhali kwenda mahali penye Wi-Fi ya kuaminika, kwa mtoto au kazini, telefone ikiwa na umeme zaidi ya nusu, maana umeme ukikatika na betri ikizimika wakati mesaji za kwanza zinarudi, kazi inasimama. Ikisimama kwenye asilimia fulani, angalia vitu viwili: je, mtandao upo, na je, telefone ina nafasi? Telefone ya 16 Go ambayo imejaa tayari haitapata mahali pa kuweka akiba kubwa. Katika hali hiyo punguza vitu vingine, ujaribu tena. Usiguse kuruka kwa sababu ya kuchoka.

KUZIBA PENGO

Sasa mwekahazina ana kila kitu isipokuwa Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Hapa tukumbuke tuliyosema mwanzoni: mesaji inabaki kwa aliyepokea na kwa aliyetuma. Katika grupu ya wamama 20, mesaji za Ijumaa ziko bado ndani ya telefone 19. Mwizi amechukua kopi moja tu.

Mama mmoja mwenye kuaminika, kwa mfano mwandishi wa kikundi, anafungua grupu, anagusa vidoti vitatu vya juu, kisha Plus, kisha Exporter. WhatsApp inamuuliza kama aweke na foto au hapana. Akichagua bila foto, anapata faili ndogo ya maandishi yenye siku, saa, jina na maneno ya kila mtu, hadi mesaji 40 000. Akichagua pamoja na foto, hadi mesaji 10 000, na faili inakuwa nzito. Anaituma kwa mwekahazina kwa barua-pepe au kwa WhatsApp yenyewe.

Faili hiyo haiingii ndani ya grupu kama mesaji za kawaida. Inasomwa pembeni, kama karatasi. Lakini kwa kujaza daftari inatosha, kwa sababu inaonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Kama ndani ya grupu mtu aliwasha ile kinga ya juu ya mazungumzo, Exporter haitakubali. Msimamizi wa grupu aizime kwa muda, kisha airudishe.

Kuhusu foto za uhakikisho wa malipo, wengi watasema: nitakutumia tena. Ni vizuri, lakini muangalie jambo moja. Mesaji inayotumwa tena inapokea siku na saa mpya. Foto ya malipo ya Ijumaa ikitumwa tena Jumatano, WhatsApp itaonyesha Jumatano. Ndani ya kikundi chenye faini za kuchelewa, jambo hilo linaweza kuleta ugomvi. Kwa hiyo mama mwenye kulipa afungue mazungumzo yake ya Ijumaa na kupiga foto ya ekrani ambapo saa ya kwanza inaonekana. Tena, ile SMS ya kampuni ya simu inayosema feza imetumwa, pamoja na nambari ya malipo, haiko ndani ya WhatsApp kabisa. Iko kwenye sanduku la SMS la aliyelipa, na ndiyo ushahidi wenye nguvu zaidi.

Na zile mesaji zilizotumwa wakati telefone iko kwa mwizi? Angalieni alama kwenye telefone ya aliyetuma. Kama iko alama moja tu ya kijivu, haikufika: mwizi alikuwa amezima telefone. Mesaji hiyo itakuja kwenye telefone mpya. Pengine itaonyesha kwanza En attente de ce message. Hiyo ina maana kwamba telefone ya aliyetuma inapaswa kuituma tena kwa ufunguo mpya. Mwambie tu afungue WhatsApp yake akiwa na mega, nayo itafunguka. Kama ziko alama mbili, ilikwisha kufika kwenye ile telefone ya zamani, na haitakuja tena kwako. Umwombe aandike upya.

MILANGO MIWILI YENYE KUFULI

Kuna wamama wanaofuata yote haya na bado wanazuiliwa. Mara nyingi ni kwa sababu ya kufuli mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni PIN ya tarakimu 6 ambayo mtu alijiwekea mwenyewe ndani ya WhatsApp, inayoitwa Vérification en deux étapes. Si ile kode ya SMS. Ukiisahau na uliweka barua-pepe, unaweza kuiondoa kupitia barua-pepe hiyo. Kama haukuweka, utangoje siku 7, kisha utaingia bila PIN. Wakati wa kungoja, akiba yako iko salama kule Google, na ekrani ya Restaurer itakuja baada ya siku hizo. Pengine PIN hiyo haikuwekwa na wewe: kama mtu alikuwa amekunyang'anya konti kwa kukudanganya utoe kode, anaweza kuwa ameiweka yeye ili kukufungia nje. Ngojea siku 7 hizo hizo. Ukiingiza kode ya SMS tu, yeye ametolewa nje tayari, hata kama wewe bado haujafunguliwa. Na mazungumzo aliyofanya kwa jina lako hayataingia ndani ya akiba yako, kwa sababu yalibaki kwenye telefone yake.

Kufuli ya pili ni ya akiba yenyewe. Inaitwa Sauvegarde chiffrée de bout en bout. Mtu aliyeiwasha alichagua neno la siri, au alipewa ufunguo wa alama 64. Faida yake ni kwamba hata Google haiwezi kusoma mazungumzo yako. Lakini ubaya wake uelezwe wazi: ukipoteza telefone na ukasahau neno hilo, hakuna anayeweza kukufungulia, hata WhatsApp yenyewe. Kijana wa barabarani anayesema atakuvunjia kwa dola 10 anakula feza yako bure. Kama unaitumia kinga hiyo, andika neno lake kwenye karatasi na uliweke pamoja na shahada na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama haujui ni nini, angalia leo kama mtu hakukuwashia bila kukueleza. Wakati telefone bado iko mkononi, neno la siri linaweza kubadilishwa.

KUANGALIA TELEFONE YAKO JIONI HII

Yote tuliyosema yanasimama juu ya kitu kimoja: akiba iwe imefanyika kabla ya hasara. Na hapa kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. WhatsApp inapowekwa, inapanga kupeleka akiba kwa Google kwa njia ya Wi-Fi peke yake, ili isile mega. Huko Ulaya, ambapo nyumba nyingi zina Wi-Fi, hiyo haina shida. Lakini mama anayetumia mega za kununua kila siku anaweza kukaa miaka miwili akidhani akiba inaenda, kumbe haijawahi kuondoka hata mara moja.

Fungua WhatsApp, vidoti vitatu, Paramètres, Discussions, Sauvegarde des discussions. Soma mistari hii.

Kwanza, siku ya akiba ya mwisho. Kuna mstari wa ndani ya telefone, Locale, na mstari wa Google. Usifurahi kwa ule wa kwanza. Angalia wa Google. Kama hauna siku, hauna akiba. Kama siku ni ya zamani sana, fahamu kwamba akiba isiyofanywa upya kwa miezi 5 inaweza kufutwa.

Pili, konti ya Google. Soma adresi, herufi kwa herufi, na uiandike kwenye daftari. Kama hauitambui, ni wakati wa kuibadilisha na kuweka konti ambayo wewe mwenyewe una neno lake la siri.

Tatu, ruhusa ya kutumia mega. Iwashe. Ili isikule feza nyingi, acha video zisiingie kwenye akiba: mahali palipoandikwa Inclure les vidéos pazimwe. Akiba ya kwanza ndiyo nzito. Ukiweza, ifanye mahali penye Wi-Fi. Zinazofuata zinapeleka mambo mapya, kwa hiyo ni nyepesi zaidi.

Nne, mara ngapi. Kwa mama wa kawaida, mara moja kwa juma inatosha. Kwa mwekahazina na mwandishi wa kikundi, iwe kila siku. Katika mfano wetu, akiba ya kila siku iliyokwenda vizuri usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ingebeba mkutano wote wa Ijumaa, na pengo lingekuwa la saa kumi tu. Na kwa vikundi, tunashauri desturi moja isiyo na gharama: kila mwisho wa mkutano, mwekahazina aguse yeye mwenyewe Sauvegarder kabla ya kupanda teksi.

Mkimaliza, wasaidieni na wale wasiosoma Kifaransa. Kwenye mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja aje na telefone yake, na mwandishi apite akiangalia ule mstari wa Google, telefone baada ya telefone. Asiyekuwa na siku yoyote hapo atengenezewe kabla ya kurudi nyumbani.